Kijitabu cha Umra cha Shangazi

Nina kiherehere, sikatai. Shangazi yangu aliponiambia anakwenda Umra Alhamisi, nikarukia: nitamtafsiria mwongozo kutoka Kiarabu, nimchapie kijitabu atembee nacho. Alikuwa anakwenda bila mwenzake wa kumwelekeza, na hofu yake ilikuwa moja tu, asije akakosea ibada aliyoingoja tangu ujana.

Jumanne asubuhi tulikutana kwa mchapaji wangu, Mluhya mcheshi wa River Road, Nairobi. Nakala ya kwanza ilikuwa bado ya moto. Shangazi akavaa miwani, akasoma kwa sauti:

"Baada ya kumalizika kwa tawafu, na kuswaliwa kwa rakaa mbili, na kunywewa kwa zamzam, ni kutoka kuelekea Safa kwa ajili ya kufanyika kwa sai."

Akapiga hatua mbili kuizunguka meza kana kwamba ndiyo Kaaba, kama tulivyofundishwa madrasa, akasimama.

"Mwanangu, nani anakunywa hayo maji? Mimi au imamu?"

Mchapaji akacheka. "Hata mimi nilidhani ni story ya mtu mwingine. Hii kitabu haiambii mtu afanye nini, boss."

Nilikasirika, nisidanganye. Kiarabu kinasema al-faragh, ash-shurb, al-khuruj, yaani kumaliza, kunywa, kutoka, majina matupu ya vitendo, na msomaji wake anaelewa kuwa anaambiwa yeye. Nilikuwa nimeyabeba yote yalivyo, nikidhani ndiyo kuyaheshimu maandiko. Kisha nikamwona shangazi katikati ya karatasi, kidole kwenye mstari, hajui aende wapi. Hasira ikaniisha, nikaona haya.

"Shangazi, zunguka tena," nikasema, nikashika kalamu. "Ukishamaliza kutufu mara saba, swali rakaa mbili. Kisha unywe zamzam. Halafu toka uende Safa, uanze sai."

Alikuwa anakwenda! Mlango ukawa Safa, sinki la kuoshea wino likawa Marwa, naye akafanya sai akienda na kurudi kati yake.

"Wallahi hii naifuata!" akasema shangazi.

Tukaupitia mwongozo mzima hivyo, yeye akitembea, mimi nikikitafutia kila kitendo mtu wake na wakati wake. Palipoandikwa "kuombwa kwa dua wakati wa kuonekana kwa Kaaba" nikaandika "Ukiiona tu Kaaba, omba." Mchapaji alipanga upya kurasa zote akinung'unika, na mara mbili nilimsikia akijisomea na kusema, "Sasa hii ni Kiswahili." Jioni shangazi aliondoka na kijitabu chake mkobani.

Ijumaa nilikuwa sokoni Dagoretti nikichagua nyama simu ilipolia. Ulikuwa ujumbe wa sauti, na nyuma yake kelele za watu wengi.

"Mwanangu, nimeiona Kaaba. Kitabu ninacho mkononi, wala sikukifungua, miguu imekwishajua. Nilitaka nianze kwa kumwombea marehemu mume wangu. Nimeiona tu, jina lako likatangulia."

Muuza nyama aliona machozi yangu, akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, nipimie kilo mbili.