Bomba Lililolowa

Mganga wa zahanati ile alikuwa mtu wa pasi. Miaka ile sabuni ilikuwa habari ya kusimuliana, wengine tulifua kwa majivu, lakini koti lake jeupe lilisimama utadhani limepakwa chokaa. Kifuani alichomeka kalamu tatu. Sikuelewa zilikuwa za kazi gani, maana chupa za damu alizonitumia hazikuwa na jina la kueleweka. Moja iliandikwa “Mama”. Nyingine iliandikwa “Yule wa jana”.

Mimi nilikuwa mtaalamu wa maabara katika hospitali ya Babati. Maabara yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye darubini iliyotegemea mwanga wa dirishani na mashine ya kuzungushia damu, ya mpini wa mkono kama cherehani. Vichupa vya damu vilikuwa vya penisilini, vilivyooshwa na kuchemshwa. Lebo tulikata karatasi na kuzibandika kwa uji wa unga. Sisemi hivi ili mnionee huruma. Nasema ili ieleweke kwamba uhaba ulikuwa wetu sote, na bado kuna walioufanyia kazi na kuna waliojificha nyuma yake.

Zahanati ilikuwa juu, njia ya kupanda kwenda Mbulu. Huko kulikuwa na mwanamke mjamzito, mimba ya tano, viganja vyeupe kama unga. Alihitaji kuongezwa damu kabla ya kujifungua. Kwa kuwa dizeli ilipatikana kwa kudra na hospitali haikuwa na chakula cha kuwapa wanaongoja, utaratibu ulikuwa damu yake itangulie, tumpate ndugu anayelingana naye damu, kisha yeye ashushwe siku gari litakapopanda.

Damu ya kwanza ililetwa na lori la maharage. Dereva aliiweka juu ya boneti ndani ya kebini, pale injini inapochemka, na akaniambia kwa fahari kwamba aliiweka hapo isipate baridi. Ilinifikia nyekundu tupu, juu mpaka chini, kama maji ya rosela.

Niliandika kwenye karatasi ya majibu: “Imeharibika. Toeni nyingine.” Kisha nikakaa chini nikaandika na barua. Niliielekeza “Kwa wahudumu wote wa zahanati”, ingawa kila neno lilimlenga mtu mmoja mwenye kalamu tatu. Nakumbuka sehemu yake vizuri, maana baadaye nilisomewa kama shtaka.

“Chembe nyekundu ni kama viputo vyembamba vilivyojaa rangi,” niliandika. “Si mahindi, hazipigwi wala kupepetwa. Zikipasuka, rangi humwagika, na mimi siwezi kuirudisha ndani. Bomba la sindano likitoka kwenye maji ya kuchemshia, yasukumeni maji yote, kisha liacheni likauke ndani ya trei iliyofunikwa, kwa sababu tone la maji matupu hupasua chembe papo hapo. Spiriti nayo ikauke kwenye ngozi kabla hamjachoma. Vuteni polepole. Mkimaliza, ng’oeni sindano kwanza, ndipo muiache damu iteremke ukutani mwa chupa bila kusukumwa. Damu ya kuoanisha na ya ndugu msiitikise. Isimame wima mpaka igande, ndipo isafiri. Isafiri kwenye ubaridi, imeviringishwa gazeti, wala isiguse barafu. Jina liandikwe mgonjwa akiwa bado mbele yenu, kwa penseli, kwenye chupa na si kwenye kifuniko: jina lake, la baba yake, umri, kijiji, tarehe na saa. Anayeweza kukumbuka mboga aliyokula jana anaweza kukumbuka haya.”

Sentensi ile ya mboga ndiyo iliyonipeleka kwa mganga mkuu wa hospitali yetu.

Kabla ya hapo, damu ya pili ilifika. Mganga alikuwa ameisoma barua, naam, mpaka kwenye neno “ubaridi”, kisha nadhani akachoka. Ndani ya kopo, chupa zililala katikati ya vipande viwili vya barafu kutoka kwenye jokofu la chanjo, bila gazeti wala kitambaa. Damu iliganda kuwa barafu barabarani, ikayeyuka barabarani, chembe zote zikapasuka. Barafu ililowesha uji wa lebo, na lebo ilikuwa imenata chini ya kopo, mbali na chupa yake. Chupa zilikuwa mbili, ya mama yule na ya mtu mwingine, lebo moja. Nikazimwaga zote mbili. Nikaandika tena kwamba imeharibika.

Ndipo mganga mkuu akaniita. Alikuwa mtu mzima mpole, na barua yangu ilikuwa imelala mezani kwake.

“Mwanangu,” alisema, “huyu bwana analalamika umemdhalilisha mbele ya walio chini yake. Mambo ya mboga yanahusiana vipi na damu?”

“Shikamoo, mzee. Na damu za mgonjwa je, amezilalamikia?”

“Marahaba. Hilo hakuligusa.”

“Ningeshangaa kama angeligusa.”

Mzee alicheka kidogo, akajikaza. Aliniagiza niandike barua nyingine, ya adabu. Niliahidi, sikuandika.

Wiki ile ile mume wa yule mwanamke alishuka kwa miguu na mdogo wake wa kiume na dada yake. Walikuwa wakulima, wamejifunga mashuka, miguu imejaa vumbi hadi magotini. Walikuja kujitolea damu. Niliwaambia damu ya mgonjwa haijafika salama, kwa hiyo siwezi kujua nani anamfaa. Mume akasema kwa Kiswahili chake kizito cha mlimani:

“Daktari, basi ni kweli. Damu ya mke wangu imeoza.”

“Nani amesema imeoza?”

“Mganga. Ametuonyesha karatasi yako. Umeandika mara mbili, imeharibika. Mama yangu anasema mwanamke mwenye damu mbovu arudi kwa baba yake kabla mtoto hajatoka.”

Dada mtu aliinamisha kichwa. Kuharibu damu ya mtu kwa uzembe ni jambo moja; hata mpumbavu anaweza kulifanya bila kukusudia. Lakini kuchukua uzembe wako ukambandika mwanamke mgonjwa, mbele ya mama mkwe wake, ili koti lako lisipate doa, hapo inabidi mtu awe amejifunza.

Keshokutwa yake gari la chanjo lilipata dizeli. Nikapanda nalo, na hao watatu nyuma.

Mganga alitupokea mlangoni, amenyooka. “Karibu, dada mtaalamu. Umekuja kutufundisha kushika sindano?”

“Nimekuja kuangalia,” nikamjibu. “Toa damu kama unavyotoa siku zote.”

Mwanamke aliketi kwenye benchi, anahema kama aliyepanda mlima. Mkunga wa zahanati, mama mnene asiye na maneno mengi, alikuwa amemshika bega. Mganga akafungua sufuria iliyokuwa juu ya jiko, akalivua bomba la kioo kwa koleo, akalipachika sindano nyembamba ya watoto. Maji yalikuwa yakimchuruzika hadi kiwikoni. Alifunga mpira mkononi mwa mama, akatafuta mshipa muda mrefu huku mpira umekaza, akavuta kwa nguvu mpaka povu likaonekana. Kisha, na sindano bado imechomekwa, akaifyatua damu ndani ya chupa kama anayepulizia dawa ya kunguni. Akafunga. Akaitikisa. Aliitikisa vizuri sana, kwa bidii, kama chupa ya dawa ya kikohozi.

“Unaitikisia nini?”

“Isigande.”

“Nataka igande.”

“Damu iliyoganda si imekufa?” akaniuliza, tena kwa sauti ya mtu anayemsahihisha mwanafunzi.

Nilikuwa nimekuja na bomba langu, limekauka ndani ya kitambaa kilichochemshwa. Niliwaza kwamba mama yule hakuwa na damu ya kuchezea, nikachukua kidogo tu, kutoka mkono wa pili, wa kushoto, polepole. Nikang’oa sindano, nikaiacha iteremke. Nikaandika lebo huku namuuliza mwenyewe jina la baba yake, naye akanitajia akitabasamu, sijui kwa nini. Nikazisimamisha chupa zote mbili dirishani pa kivuli. Mkunga akatupa chai ya rangi isiyo na sukari, tukangoja.

Hapa inafaa nieleze nilichokuwa nangoja. Damu ikitulia, donge jekundu hukaa chini na juu hubaki majimaji ya rangi ya nyasi kavu. Hayo ndiyo nayachanganya na chembe za anayejitolea. Wasipolingana, chembe hushikamana au hupasuka na kuyafanya majimaji yawe mekundu. Sasa yakinifikia tayari mekundu, nitajuaje nani kampasua nani?

Nilimwita mume dirishani. Chupa yangu ilikuwa imejigawa, juu njano safi. Ya mganga ilikuwa nyekundu mpaka shingoni.

“Zote za mke wako,” nikamwambia. “Za saa ile ile. Damu yake haina ubaya. Imeharibiwa ikishatoka mwilini.”

Aliinama, akaziangalia kwa muda. Kisha akamgeukia mganga, akangoja.

Mganga alikohoa. “Mkono wa kushoto,” alisema, “mara nyingi huwa na damu nzuri zaidi. Upo karibu na moyo.”

Nimefanya kazi maabara miaka mingi baada ya hapo, nimesikia visingizio vya kila rangi, lakini sijasikia kilichokifikia kile. Mkunga aliweka kikombe chini.

“Basi, bwana mganga,” alisema kwa upole, “nipe mkono wako wa kulia. Nitoe kwa bomba lililolowa na kwa lililokauka, mkono huo huo.”

Mganga aliutia mkono wake mfukoni.

Tulimshusha mama siku ile ile, amelala nyuma ya gari, kichwa mapajani mwa wifi yake. Chupa yangu niliishika mwenyewe mkononi njia nzima, sikumwamini hata dereva. Mume hakulingana naye. Mdogo wake naye hakulingana. Aliyefaa ni dada mtu, yule aliyeinamisha kichwa. Nilipomwambia, alikunja mkono wa blauzi kabla sijamaliza sentensi. Mtoto alizaliwa siku chache baadaye, msichana, na mama akatoka hospitali kwa miguu yake. Mama mkwe alikuja na jogoo kumchukua. Alinisalimia kwa heshima zote, na kuhusu damu iliyooza hakutamka neno.

Kutoka zahanati ile damu zilianza kufika salama, wima, zimevikwa gazeti, majina kwa penseli kwa mwandiko wa mkunga. Mganga hakumwomba mume radhi, wala mke. Baada ya muda alihamishwa, akapewa usimamizi wa zahanati kadhaa. Nilikutana naye sokoni Babati kwenye foleni ya sukari, koti limenyooka vilevile.

“Dada mtaalamu,” akaniambia, mbele ya watu, “siku hizi nawafundisha vijana mambo ya kukausha mabomba. Ni muhimu sana, wengi hawajui.”

“Na mkono wa kushoto?” nikamuuliza.

“Hilo bado linachunguzwa,” alisema, akasogea mbele kwenye foleni.