Mwenzangu Mwenye Karasha

Mimi ni fundi cherehani hapa Ushirombo. Nashona sare za kwaya na mashati ya shule, na maisha yangu yote sijawahi kuingia mgodini. Hata kisima kirefu nakichungulia nimeshika nguzo. Ndiyo maana siku afisa mikopo wa benki aliponitazama juu ya miwani yake na kuniuliza habari za karasha, nilidhani anamsemesha mtu wa nyuma yangu.

Nilikuwa nimeomba mkopo wa mashine ya ovaloki, ile ya kuziba kingo za nguo zisifumuke.

"Mama, una mkopo mwingine Geita," alisema. "Wa mtaji wa karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Umechelewa marejesho miezi mitatu."

"Mimi?"

"Jina lako, namba yako ya kitambulisho cha taifa. Ila namba ya simu si hii uliyotupa."

Nikakumbuka kwamba wiki mbili nyuma shemeji yangu alinipigia akicheka: kuna mtu amempigia kuuliza kama mimi ndiye niliyekuwa nikiishi Geita, na nimehamia wapi. Nikamwambia mtu huyo amekosea namba. Kumbe dalili zilikuwa zinapita mbele yangu nami nazipisha njia.

Nilitaka kulipa kidogo ili jina litulie. Yule afisa akanizuia. "Usilipe hata senti. Ukilipa, utaonekana umeukubali mkopo." Akanichapishia taarifa yangu ya mikopo, akaniambia nihakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho changu, niende polisi, kisha nimwandikie mkopeshaji barua ya kuukana mkopo.

Nikahakiki palepale kwa simu yangu. Laini zangu ni mbili. Jibu lilisema tatu.

Hapo nikamkumbuka kijana wa mnadani aliyekuwa akisajili laini chini ya mwavuli. Nilibonyeza kidole mara tano. "Alama haijashika, mama, rudia," kila mara. Mikono yangu imechubuliwa na mkasi na pasi, nikaona aibu badala ya kuona wizi. Kitambulisho changu alikipiga picha kabisa, nami nikamshukuru.

Kwenye duka la kampuni ya simu walinipa kwanza maandishi ya usajili wa laini ile ya tatu, ndipo wakaifunga. Nilibadilisha na namba zangu zote za siri. Kisha polisi.

"Unamlalamikia nani?" aliuliza askari wa zamu.

"Mtu anayejiita mimi."

Aliweka kalamu chini, akanitazama, akaichukua tena. Aliandika maelezo yangu taratibu, akanisomea, nikatia sahihi, akanipa namba ya taarifa. "Hii uibebe kila unakokwenda na hayo makaratasi," alisema.

Nyumbani mume wangu alinisikiliza hadi mwisho kwa uso wa msibani. Kisha akauliza kwa upole, "Na dhahabu umeficha wapi?" Siku tatu zilizofuata aliniita Bosi. Chai aliniletea kwa mikono miwili. Nilikasirika, lakini nilicheka pia, na kicheko kile ndicho kilichonipa nguvu ya kupanda basi kwenda Geita.

Ofisi ya mkopeshaji ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vipuri. Dada wa mapokezi alianza kwa ukali, akanisomea deni langu kama anayesoma hukumu. Nikamwomba afungue faili. Akalifungua, akatazama picha, akanitazama mimi. Picha ilikuwa ya mwanamke wa makamo mwenye mashavu mazuri, anatabasamu. Mimi nina uso mwembamba. Sahihi yake ilizunguka na kupinda kama nakshi ya kutarizi. Yangu ni herufi tatu zilizochoka.

"Huyu si wewe," alisema dada.

"Natamani mashavu yale, lakini si mimi."

Alicheka, akaomba radhi. Nilimkabidhi barua, nakala ya kitambulisho, maelezo ya polisi na maandishi ya ile laini. Nilisisitiza agonge muhuri wa kupokea na tarehe kwenye nakala yangu. Aligonga. Nikaondoka nayo kifuani.

Walichunguza kwa zaidi ya mwezi. Nilipiga simu kila Jumatatu hadi dada yule akaanza kunisalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," kabla sijajitambulisha. Mwishoni barua ikaja: mkopo si wangu, na kampuni inayotunza taarifa za mikopo imejulishwa ifute. Sikuamini barua peke yake. Niliomba taarifa mpya, nikaipitia mstari kwa mstari kwa kidole. Karasha haikuwepo.

Kijana wa mwavuli hakuonekana tena mnadani, na mwenye mashavu bado anatafutwa. Polisi wana picha yake. Mashine ya ovaloki niliipata mwezi uliofuata, na wa kwanza kushonewa alikuwa mume wangu: shati la kijani ambalo mkono mmoja, kwa bahati mbaya kabisa, ulitoka mfupi.