Nilimfuata barista wa Donholm nikidhani ni mwizi wa kahawa

Salamu wakuu, na nyinyi wa kusoma kimya kimya pia nawaona.

Hii nitaisimulia vile ilivyokuwa, hata pale ninapoonekana mjinga. Na nitaonekana mjinga zaidi ya mara moja, kwa hivyo msinikatize.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Mageti, madirisha, vitanda vya chuma. Kibanda changu kiko Mukuru kwa Njenga na naishi hapo karibu kwenye ploti moja na dadangu mdogo, Shiru. Baba alituacha tukiwa shule. Mama yuko Kirinyaga. Kwa hivyo jambo lolote la Shiru hapa Nairobi huanzia kwangu.

Mwezi uliopita Shiru akaniambia kuna kijana anaitwa Brayo anataka kuleta wazee nyumbani kumposa. Nikauliza anafanya kazi gani. Akasema ni barista kwa cafe moja Donholm, yaani anatengeneza kahawa.

Nikangoja aendelee. Kumbe alikuwa amemaliza.

Nikampigia mama. Mama hana maneno mengi. Alisema niende nikamwone huyo kijana kabla hajajua mimi ni nani. Nikisema ni mtu, wazee watapokelewa. Nikisema si mtu, wasijisumbue kupanda mlima.

Mjue pia mimi ni mtu wa kushuku. Mlango nikiufunga, narudi kuutikisa. Shiru husema hata ugali naupima kwa macho kwanza.

Basi siku ya kwanza nikaenda na overall ya kazi, ili nisifanane na shemeji wa mtu.

Menu iko ukutani juu ya kaunta. Nikaisoma kutoka juu hadi chini, nikarudi juu. Espresso. Macchiato. Americano. Cappuccino. Latte. Flat white. Mocha. Karibu kila moja ina single na double. Neno chai liko chini kabisa kwenye kona, kama limekuja kuomba kazi.

Na mimi nimezaliwa kwa kahawa, wakuu. Nimechuma kahawa kabla nijue kusoma. Lakini nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuinywa. Tulichuma, tukachagua mbivu na mbichi, tukapeleka kiwandani, tukarudi kunywa chai. Mama alisema kahawa ni ya kuuza.

Nikaagiza espresso kwa sababu ilikuwa ya bei ya chini.

Brayo mwenyewe ndiye aliyekuwa kwa mashine. Jina lilikuwa kwenye apron. Kijana mwembamba, kimya, ndevu kidogo. Akaniletea kikombe ambacho mtoto akikipata atakichezea mchanga. Ndani kuna kitu cheusi, juu kimefunikwa na povu la rangi ya kahawia. Pembeni glasi ndogo ya maji.

Nikajua hiyo ni ya kuonja. Nikaonja. Ilikuwa kali, ikanivuta mashavu kwa ndani. Nikaimaliza, nikanywa maji, nikakaa kungoja kikombe chenyewe.

Nilingoja dakika ishirini.

Mwishowe nikamwita nikamuuliza kahawa yangu iko wapi. Angecheka, ningepata jibu la mama siku hiyo hiyo. Hakucheka. Akasema, "Boss, espresso ni hiyo tu. Huwa inakuja kidogo. Ukitaka ndefu naeza kuongezea maji moto, hiyo tunaita americano. Ni kahawa ile ile."

Akanitengenezea hiyo americano bila kunidai. Nikarudi nyumbani nikijiuliza huyu mtu anatafuta nini kwangu.

Siku ya pili nikakaa karibu na kaunta. Hapo ndipo moyo ulipoanza kuenda mbio.

Kwanza, ana mizani. Ile ndogo ya kidijitali. Anasaga kahawa, anaweka unga kwenye kikombe cha chuma chenye mkono, anapima, anapunguza kidogo kwa kidole. Mimi huku kwetu nikiona mtu anapima unga kwa mizani ndogo hivyo, sijui biashara ya kahawa, najua biashara nyingine.

Pili, maziwa. Alikuwa anayapasha kwa bomba la mvuke, yanazunguka kwenye jagi, halafu anazima kabla hayajafura. Wakuu, maziwa ambayo hayajafura. Nikamuuliza kama gesi imeisha. Akasema maziwa ya cappuccino hayachemshwi, anayaacha yakifika karibu digrii sitini na tano, kwa sababu yakipita hapo utamu unapotea na povu linaharibika. Nikaweka kiganja kwenye jagi kama alivyonionyesha. Kweli yalikuwa moto tu wa kuvumilika.

Tatu, alimwaga kahawa. Nilimwona kwa macho yangu akitengeneza espresso, anaitazama, anamwaga kwa sinki. Akatengeneza ya pili, akamwaga. Mali ya tajiri hiyo. Ya tatu ndiyo akampa mteja.

Sikuweza kunyamaza. Nikamuuliza kwa nini.

Akanionyesha saa ya mashine. Espresso nzuri, alisema, hutoka kwa sekunde kama ishirini na tano hadi thelathini. Double anaweka gramu kumi na nane za unga, inatoka karibu gramu thelathini na sita kwa kikombe. Ikitoka mbio, basi unga umesagwa mkubwa, maji yamepita bila kubeba kitu, inakuwa chachu. Ikitoka kwa kusuasua, unga ni laini sana, inakuwa chungu. Asubuhi hiyo walikuwa wamefungua mfuko mpya, kwa hivyo mashine ya kusaga ilibidi irekebishwe.

Nikamwambia mteja hangejua.

"Mimi ningejua," akasema, akaendelea kupangusa lile bomba.

Hiyo nilielewa. Geti lina welding ya nje inayoonekana na ile ya ndani ambayo hakuna mtu ataiona. Nakiri nilianza kumpenda huyo kijana, na hilo likanitia wasiwasi zaidi.

Wiki mbili nimeenda karibu mara nane. Nikajua macchiato ni espresso iliyoguswa na maziwa kidogo tu. Cappuccino ina povu nene. Latte ni ile ile lakini maziwa mengi, povu jembamba. Flat white ni ndogo kuliko latte, kahawa inasikika zaidi. Mocha ina chokoleti, hiyo waachieni watoto. Nilifika mahali naweza kuangalia espresso ikishuka nikajua imekimbia kabla yeye hajaimwaga.

Sasa hapa ndipo nilipoharibu.

Jioni moja nilikaa hadi anatoka zamu. Nikamwona anaingia jikoni, anatoka na mfuko wa plastiki mzito, anauingiza kwa bag ya mgongo. Harufu ya kahawa ilinifikia pale nilipokaa. Kesho yake jioni, vile vile.

Mtakaoniona mbaya, kumbukeni nimetoka wapi. Kwetu mtu akionekana jioni na mzigo wa kahawa mgongoni, hiyo kahawa si yake. Baba alilala shambani msimu mzima akilinda kahawa kwenye matawi. Wezi wengine walivunja hadi stoo ya kiwanda. Mwizi wa kahawa kwetu hasemwi kwa sauti ya chini.

Nikaona kila kitu kimejipanga. Mizani, upole, kumwaga kahawa ili hesabu isionekane.

Nikatoka nje nikampigia mama papo hapo. Nikamwambia, "Mama, ni mwizi. Anaiba kahawa. Wazee wasije."

Mama akasema sawa.

Nikaamua nimfuate nijue anauzia nani, ili Shiru nimpe ushahidi. Alitembea kwa miguu, mimi nyuma yake. Tukaacha Donholm, tukavuka barabara, tukashika njia ya kwetu. Kila kona aliyopiga niliijua. Nikasema huyu soko lake liko Njenga, basi atakuwa anauzia mtu ninayemfahamu.

Akapinda kwenye ploti yetu.

Akaingia kwa geti ambalo nimelichomelea mimi.

Nilipofika mlangoni, Shiru alikuwa ameinama kwa magunia ya udongo anamopanda sukuma, sita yamepangwa ukutani. Brayo alikuwa amefungua ule mfuko. Akatoa vipande vyeusi vya mviringo, vimebanana kama biskuti, bado vina majimaji.

Nikavijua. Wiki mbili nilikuwa nimeviona. Kila akimaliza espresso, aligonga kile kikombe cha chuma kwenye kipipa, kipande kikaanguka. Ni unga uliokwisha kutoa kahawa yake yote. Takataka. Cafe hutupa ndoo nzima kila siku.

Akaniona. Uso ukamfunguka. "Eh, mzee wa espresso. Kumbe unaishi huku?"

Shiru akainuka, akanitazama mimi, akamtazama yeye. "Brayo, huyu ndiye bro."

Wakuu, sijawahi kuona mtu akitafuta pa kuweka mikono vile. Alikuwa ameshika makapi kwa zote mbili. Akanisalimia kwa kiwiko.

Shiru akaeleza bila kuulizwa. Meneja alimruhusu Brayo awe anachukua hayo makapi ya mbolea, naye huyaleta jioni nikiwa bado kibandani. Hawayaweki mbichi, wanachanganya na samadi na maganda kwenye pipa, yanakaa wiki kadhaa, ndipo yanaingia kwa gunia.

"Na hiyo sukuma umekuwa ukisifu," akasema, "umeila miezi mitatu."

Nilienda nyuma ya choo nikampigia mama tena. Nilimweleza yote, hadi sekunde thelathini. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Mama aliuliza jambo moja tu. Kama yule kijana anajua nilimwita mwizi.

Nikasema hajui.

"Basi waje," akasema. "Lakini utamwambia mwenyewe, mbele ya wazee wake, kabla sijawapa chai."

Wanapanda kwa mama Jumamosi. Brayo ameniambia atabeba kahawa na chombo cha kuchujia, anataka mama aonje kahawa ya Kirinyaga angalau mara moja maishani. Anafurahi sana. Juzi kwa cafe aliniwekea double bila kuniuliza, na nikaiona imetoka sawasawa. Nilishindwa kuimaliza.

Nilichojifunza ni kwamba nilijua kuchuma, nikajua na menu yote, lakini sikuwahi kujiuliza kahawa ikishanywewa inaenda wapi. Swali moja tu pale kaunta lingetosha, na yule kijana hajawahi kuninyima jibu. Kushuku ni sawa. Ila mama nilimpigia kabla ya kuuliza.

Sasa wenye uzoefu wa mambo ya ukweni, niambieni ukweli. Nimwambie peke yake Ijumaa, au nifuate neno la mama nilitoe pale mbele ya babake? Na maneno ya kwanza yawe yapi? Nimejaribu kuyapanga tangu Jumatatu na kila nikifika kwa neno mwizi, nasimama.