Watoto Sita wa Nyumba ya Tatu

Nina stesheni ndogo ya kuchapa karatasi karibu na soko la Mwigobero, Musoma: kompyuta moja, printa moja, skana na hasira zangu. Wateja wangu wanavijua vyote vinne. Nilikuwaga najisifu kwamba hakuna PDF ya kunishinda, mpaka alipoingia mama mmoja muuza dagaa, ananukia kazi yake, simu mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nibadilishie hii iwe Word. Kuna wajukuu wa kuongeza."

Ilikuwa orodha ya ukoo wao wa Butiama. Marehemu baba yake aliipiga taipu zamani: wake watatu, safu tatu, kila nyumba na watoto wake chini. Karatasi yenyewe ililiwa na mchwa, ikabaki skani hiyo tu. Jumamosi ukoo ulikuwa unakutana. Kwao, kila jina likisomwa, mwenyewe anaitika "Nipo", na aliyefariki anaitikiwa na mama yake.

"Mama yangu, mke wa tatu, alizaa sita," akasema. "Mkutano uliopita walisoma watano. Hakugombana na mtu, ila chakula hakugusa siku nzima. Sasa ni mzee sana. Safari hii wasomwe wote sita."

"Mama, hiyo kazi ya soda moja," nikamjibu. Ulimi huu!

Nikaifungua kwenye Word, ikaja picha tupu; huwezi kufuta hata nukta. Skani ni picha ya maandishi, kompyuta haijui kama mle kuna herufi. Basi nikaipitisha kwenye programu ya kutambua maandishi, nikachagua Kiswahili, nikabonyeza. Dakika moja, tayari. Nikamgeuzia kioo kwa madaha.

Yule mama akasoma, akashika mdomo, akacheka mpaka kitenge kikamwanguka. Programu ilikuwa imesoma mstari kwa mstari kutoka kushoto kwenda kulia, ikavuka safu zote tatu. Watoto wa nyumba kubwa wamehamia nyumba ya pili, wa nyumba ya tatu wametawanyika kama kuku.

"Huyu kaka yangu umempa mama mwingine! Jumamosi tutapigana!"

Nilicheka naye, lakini moyoni nilikasirika. Niliikasirikia mashine, si mimi mwenyewe. Nikaanza upya. Nikanyoosha ukurasa uliokuwa umeskaniwa upande, nikachora boksi kuzunguka kila safu, nikazipanga moja, mbili, tatu, ili isome safu moja mpaka chini kabla ya kugusa nyingine. Majina yakakaa na mama zao. Ila kwenye Word yalikuja ndani ya viboksi vinavyoelea. Ukigusa kimoja, kingine kinakimbia. Herufi l zimekuwa namba 1, na hapa na pale vipande vya picha, madoa ya karatasi. Nikafuta madoa, nikachomoa maandishi matupu, nikachora jedwali la safu tatu, nikamwaga kila nyumba mahali pake. Lilipendeza, jamani!

"Hesabu nyumba ya tatu," akasema.

"Watano."

"Sita."

"Mama, mimi ndiye mwenye kompyuta. Watano!"

Alikuza skani kwenye simu yake, akaweka kidole juu ya safu ya tatu, kabla ya jina la kwanza. Palikuwa na doa. Nikainama. Halikuwa doa, ni maandishi ya kalamu ya wino, yamefifia: jina, na baada yake, "siku nne".

"Mwandiko wa baba," akasema. "Huyo ndiye wa kwanza. Aliishi siku hizo nne tu."

Nilitamani ardhi inimeze. Programu ilishindwa kuusoma mwandiko wa mkono, ikauleta kama kipicha, na mimi na ujuaji wangu nikabonyeza Delete. Nikamwomba radhi kwa mikono miwili. Nikaongeza mstari juu ya wale watano, nikamwandika mwenyewe, herufi kwa herufi, yeye akinitajia. Kisha tukakagua karatasi nzima, yeye kwenye skani, mimi kwenye Word. Tulipoongeza wajukuu, jedwali lilisogea vizuri tu.

Jumamosi alinilazimisha niende nao Butiama. Kulikuwa na ugali wa muhogo, sato, na vicheko. Msomaji akashika karatasi yangu. Nyumba kubwa, "Nipo, nipo." Nyumba ya pili vilevile. Bibi wa nyumba ya tatu, mama yake mteja wangu, alikuwa kakaa kwenye mkeka, macho chini, kama mtu anayejua kitakachofuata.

Msomaji akataja jina la kwanza.

Bibi akainua kichwa. Akamshika binti yake bega, akasimama, na kwa sauti ambayo sikuitegemea kwenye mwili ule mdogo akaitika, "Nipo!"

Vigelegele vilipasuka. Nililia bila aibu. Msomaji alisubiri aketi ili aendelee, lakini bibi aligoma kukaa. Aliwasikiliza wote sita akiwa amesimama, kisha akauliza chakula kiko wapi.