Hata Nikiwa Sipo

Sentensi iliyoniponza niliiandika mwenyewe, kwa akili zangu timamu, kwenye steshenari moja ya uchapaji karibu na stendi ya Bunda. Yule kaka wa kuchapa alinikataza.

"Dada, weka mwaminifu na mchapakazi, anayeweza kufanya kazi kwenye mazingira magumu. Ndivyo barua zinavyoandikwaga."

"Kwani naomba ulinzi?"

"Haya, sema wewe."

Nikasema, akachapa: "Machapisho ya wiki nzima nayapanga mapema, na ripoti inajituma yenyewe. Hata nikiwa sipo, kazi inaendelea."

Akageuka akaniangalia. "Sasa kama ukiwa haupo inaendelea, wakuajiri wa nini?"

Nilimwambia achape, asinipotezee muda.

Kazi yenyewe ilikuwa Musoma, ofisi ndogo ya mtaa wa Mukendo inayoendesha kurasa za mahoteli na maduka. Walitaka msaidizi wa uendeshaji wa mitandao ya kijamii. Mimi elimu yangu ni ya sekondari, cheti cha chuo sina. Nilichokuwa nacho ni ukurasa wa duka la vitenge nililokuwa nafanyia kazi hapo Bunda. Mwanzoni nilikuwa naposti kila asubuhi, mkono mmoja simu, mwingine mtoto ananyonya. Nilipochoka nikajifunza. Jumapili nikawa nakaa na picha zote, naandika maneno, napanga siku na saa, programu inaposti yenyewe wiki nzima. Halafu nikaunganisha ukurasa na jedwali, likawa linavuta lenyewe, mchana na usiku, watu wangapi wameona na wangapi wameuliza bei. Kila Jumatatu saa mbili asubuhi jedwali linamtumia bosi barua pepe: chapisho lililofanya vizuri zaidi wiki hii ni hili hapa, na picha yake. Hakuna aliyenifundisha. Ni video za mtandaoni na bando la kuungaunga.

Na mtoto? Mtoto alikuwa Butiama kwa mama yangu. Bosi alishasema hataki kitoto kinachotambaa juu ya vitenge vyake. Musoma kuna dada yangu, nyumba yake na hiyo ofisi ni kutembea tu, na alishakubali kukaa naye mchana. Kwa hiyo ile barua haikuwa ya kazi tu. Ilikuwa ya kumrudisha mwanangu. Nilishamwambia kabisa: tutahamia Musoma, utaliona ziwa, utakula sato mpaka useme basi.

Mwishoni mwa barua niliweka kiungo cha ukurasa wa duka, wajionee. Nikatuma.

Wiki hiyohiyo mama yake bosi akafariki. Ghafla tu. Jumapili iliyotangulia alikuwa dukani, mzee mchangamfu, tukamvalisha kitenge cha bluu, akacheka nikampiga picha. Bosi mwenyewe ndiye aliyesema, "Hiyo iweke Jumamosi, siku ya wateja wengi." Nikaiweka. Jumamosi, saa mbili asubuhi.

Taarifa ya msiba ilipokuja duka likafungwa, sisi wafanyakazi tukapelekwa kijijini kwao kupika. Huku kwetu ukiwa umeajiriwa na mtu, msiba wake ni kazi yako. Hakuna anayekuuliza. Nilikuwa kwenye masufuria ya ugali, macho yamejaa moshi, simu imezimika chaji tangu Ijumaa. Jumamosi ndiyo tulikuwa tunazika. Hakuna mtu, si bosi, si mimi, aliyekumbuka kwamba kuna kitu kimepangwa na kinasubiri saa yake.

Mchana, watu wamerudi kutoka kaburini, wanakula, nikaona kundi la vijana wameinamia simu moja. Halafu binti wa bosi akaja jikoni na simu yake mkononi.

"Dada, hii ni nini?"

Bibi yake amevaa kitenge cha bluu, anacheka. Chini maneno yangu: "Mama kapendeza! Njoo leo uvae kama yeye, tuko wazi mpaka saa mbili usiku."

Chini yake watu. Mmoja anauliza bei. Mwingine: "Si ndiyo huyu anazikwa leo?" Mwingine: "Biashara imewapanda kichwani."

Niliingia na nywila yangu kwa simu yake hiyohiyo nikalifuta, vidole vina unga. Nikafuta na lililopangwa kutoka Jumapili. Bosi alishafika nyuma yangu, khanga imemteleza begani.

"Umemuuza mama yangu," akasema. "Namzika, wewe unamuuza."

"Mama, nisamehe. Ilijiposti yenyewe."

"Yenyewe? Ina mikono?"

Nilitaka kumwambia: wewe ndiye uliyesema Jumamosi. Nilitaka kumwambia kwamba mara ngapi nimekuomba mtu wa pili apewe uwezo wa kuingia kwenye ukurasa, ukaniambia utaibiwa wateja. Nani angesitisha, nami nilikuwa nakupikia? Lakini mtu ametoka kumzika mama yake, unamwambiaje? Nilirudi kwenye masufuria nikalia, na moshi ulinisitiri.

Nikadhani limeisha. Jumatatu, matanga hayajaanuliwa, bosi amekaa mkekani na wazee, simu yake ikalia saa mbili kamili. Ripoti. Lile jedwali lilishavuta hesabu ya Jumamosi mchana kabla sijafuta, na likishavuta halisahau. Chapisho lililofanya vizuri zaidi wiki hii: marehemu, anacheka.

Hakunigombeza. Alinipa simu niangalie, akageukia wazee. Afadhali angenipiga.

Kusitisha foleni yote ya machapisho yaliyopangwa ni kubonyeza mara mbili. Nilikuwa najua. Na ile ripoti kuizima ni kitu kidogo hivyohivyo. Ndicho kinachoniuma mpaka leo, kwamba nilikuwa najua.

Musoma waliniita. Nilienda na sketi ya kuazima. Mama mmoja wa makamo, miwani puani, barua yangu mbele yake imepigiwa mstari mahali pamoja. Sikuhitaji kusoma kupajua.

"Nilifungua ule ukurasa Jumamosi," akasema. "Nikaona bibi. Nikasoma watu wanavyosema. Baadaye nikakuta imefutwa. Nani alifuta?"

"Mimi."

"Baada ya muda gani?"

"Tangu asubuhi mpaka watu wanakula."

"Pole kwa msiba." Akaweka kidole kwenye ule mstari. "Kupanga unajua, binti yangu. Ripoti yako ni nzuri kuliko za waliokuja na vyeti. Lakini hoteli ikiungua saa nne na tumepanga posti ya harusi saa tano, wewe ukiwa haupo, nani anaizuia?"

Hasira zikanipanda, za kila kitu kwa pamoja. Nikamjibu, "Mashine haijui msiba."

"Najua haijui," akasema. "Nimekuuliza wewe."

Jibu ninalo sasa, tena zuri: mtu wa zamu mwenye ruhusa ya kusitisha, na foleni inayokaguliwa kila asubuhi kabla ya kitu chochote kutoka. Ningeiandika kwenye barua sentensi moja tu baada ya ile ya majivuno. Walimchukua mwingine.

Bosi hakunifukuza. Alisema tu kwamba kuanzia sasa niposti kwa mkono, kila asubuhi, na kila picha aione kwanza. Kwa hiyo nimerudi kulekule nilikoanzia, tofauti ni kwamba mtoto hayupo mkononi.

Juzi nilikwenda Butiama. Mwanangu anaongea sana siku hizi. Mama yangu ndiye anayemwita mama, mimi ananiita dada, kama wanavyoniita wadogo zangu pale nyumbani. Akaniuliza, "Dada, ziwa lini?"

Nikamwambia bado. Akasema haya, akakimbilia mbuzi.