Msasa Wangu na Kile Kiingereza cha "Mine"

Miaka yangu ya kwanza Nairobi nililala kwa mjomba, Kaloleni, kwenye zile nyumba za kaunsil ya jiji. Jirani yetu alikuwa karani wa reli, na karani alikuwa na redio. Jioni aliiweka dirishani ikitazama nje, nasi vijana tukakaa nyasini kusikiliza mpira. Mpira ukiisha ilikuja taarifa ya habari kwa Kiingereza. Hakuna aliyeinuka. Ukiinuka utajulikana kwamba huelewi. Basi tulikuwa tunamtazama karani usoni: akitikisa kichwa tunatikisa, akicheka tunacheka. Siku moja nikamwona kafunua meno, nikacheka kuliko wote. Kumbe jino lilikuwa linamuuma, na habari yenyewe ilikuwa ya basi lililotumbukia mtoni. Aliniangalia tu, akafunga dirisha.

Tangu siku hiyo Kiingereza nilikipisha njia. Kikija huku, mimi napita kule. Nimezeeka hivyo. Hata simu ikinisemesha Kiingereza namwachia mjukuu.

Sasa, kazi yangu. Mimi na rafiki yangu tulitoka kijiji kimoja Ukambani, tukapanda gari moja, tukalala kitanda kimoja kwa mjomba mpaka kila mtu akapata mke wake. Yeye baba yake alimfundisha kuchonga kwa tezo. Ukimpa gogo analigeuzageuza, analinusa, kisha anakuambia humu ndani mna twiga. Mimi mkono wa tezo sikujaliwa. Nilijaribu kifaru, watu wakauliza kama ni nguruwe. Kwa hiyo nikawa mpiga msasa. Mchongaji akishamtoa mnyama kwenye mti, ananiletea mimi, nami namsugua mpaka awe laini kama shavu la mtoto, halafu nampaka rangi ya viatu.

Na kwetu kibandani, tunapochongea, desturi ni hii: alama inayochongwa chini ya mguu ni ya mchongaji. Mnyama ni wake. Hata msasa ananunua yeye, anampa mpigaji. Mpiga msasa anakuja na mikono yake tu. Sijawahi kulalamika. Ila mke wangu, sijui alianza lini, huwaambia akina mama wa kanisani kwamba mimi na yule bwana tuna kibanda chetu. Mimi nikisikia naomba chai.

Basi mwaka huu rafiki yangu akapata nafasi ya kuweka meza mbele, pale wageni wanapoingilia. Akaniambia, "Bwana, kuna darasa la Kiingereza la wachongaji, pale kwenye ukumbi. Twende wawili. Mgeni akija, tumjibu wawili." Nilirudia maneno hayo njia nzima kwenda nyumbani. Wawili! Nikasema moyoni, sasa huyu anataka meza iwe yetu. Lakini mambo kama hayo huwezi kumuuliza mtu. Unangoja aseme mwenyewe.

Mwalimu alikuwa msichana wa Buruburu, wazazi wake watu wa magharibi mwa Kenya, anacheka haraka na anaandika vizuri ubaoni. Alituita wazee wangu.

"Wazee wangu, 'my' haiendi bila kitu mbele yake," alisema. "My giraffe. My table. Lakini 'mine' inakaa peke yake, kitu kimeshatajwa. This giraffe is mine. Ukimwambia mgeni 'this giraffe is my', atabaki anangoja umalizie."

Mzee mmoja anayechonga vifaru, mdomo wake haulali, akainua mkono. "Mwalimu, sisi tunasema twiga wangu, na huyu ni wangu. Neno ni hilo hilo. Hawa mbona walitaka mawili, walikosa kazi?"

"Na wewe mbona unasema kisu changu, meza yangu, mti wangu?" mwalimu akamrudishia. "Wao hawajali ni kisu au ni mti. Wanajali kama umekitaja hapo mbele ya neno."

Tukacheka. Niliipenda ile siku. Halafu akatufundisha lile la rafiki. Ukitaka kusema mmoja katika rafiki zangu, ni "a friend of mine". Usiseme "a friend of me", usiseme "a friend of my". Na wako ni "a friend of yours", wa yule mama ni "a friend of hers". Nililipenda mno. Nilikuwa nalisema nikitembea mtaani, a friend of mine, a friend of mine, mpaka vijana wa bodaboda wakaniuliza, "Niaje mzee, unaongea na nani?"

Siku ya mazoezi kila mtu aliambiwa alete kitu chake akisemee. Mimi nikajua nitamsemea yule twiga mrefu, maana shingo yake nilikuwa nimeisugua mpaka kidole kikachubuka. Lakini rafiki yangu alitangulia. Akamwinua. "This is my giraffe. This giraffe is mine." Sawa kabisa, na ni kweli, alama ni yake. Wakapiga makofi.

Zamu ikanifikia. Nikapapasa mfukoni, nikatoa kipande cha msasa.

"This is my sandpaper," nikasema. "This sandpaper is mine."

"Wewe!" yule wa vifaru akapaza sauti. "Huo msasa ulinunua wewe?"

Darasa likaangua kicheko. Mtu mwingine akasema, "Hata shati aangalie vizuri!" Rafiki yangu naye alicheka, si sana, lakini alicheka. Nikaukunja ule msasa mkononi, upande wa kukwaruza ndani.

Mwalimu hakujua mambo ya kibandani. "Jamani, sentensi yake ni sahihi!" akasema. Akaona nimeinamisha uso, akataka kunisaidia, Mungu ambariki. Akamgeukia rafiki yangu. "Baba, hebu tufanye mimi ni mgeni, nimekuja mezani kwenu. Huyu uliyesimama naye ni nani? Tumia 'of mine'."

Kwenu, alisema. Mezani kwenu. Nikainua uso. Nilikuwa nimeshamwandalia neno, ningeweza kumsukumia kwa macho. Rafiki yangu akasimama, akakuna kidevu. Hakuwa na ubaya wowote, hilo nalijua mpaka leo. Alikuwa anatafuta neno la kweli, kama anavyotafuta mnyama ndani ya gogo. Akanitazama, akamtazama twiga, akamtazama mwalimu.

"He is a worker of mine."

"Vizuri sana!" Mwalimu aliruka kwa furaha. "Mmeona? Amebadilisha 'friend' akaweka 'worker', na 'of mine' imekaa pale pale! Mmoja katika wafanyakazi wangu!"

Makofi yakapigwa kuliko ya twiga. Rafiki yangu akatabasamu, akaketi, akanipigapiga goti kama mtu aliyenifanyia wema. Masikio yangu yalikuwa yanawaka. Nilimwona kwa mawazo mke wangu kanisani akiwaambia wale akina mama habari za kibanda chetu, na nikaona kwamba wanaume wote mle ukumbini walijua siku zote kwamba mimi ni mfanyakazi tu; tusiojua tulikuwa mimi na mke wangu.

"Haya baba, na wewe," mwalimu akaniambia. "Mtambulishe mwenzako. Huyu ni nani?"

Neno lilikuwepo. Nilikuwa nimelitembeza mtaa mzima. Nikauweka ule msasa mezani, karibu na mguu wa twiga, nikachukua kofia.

"Bwana, unaenda wapi?" rafiki yangu akauliza.

"Nakuja sasa hivi," nikasema.

Nikatoka mlangoni, nikapita wanawake wanaouza mboga, nikashika njia ya nyumbani. Ukumbini sikurudi, wala kibandani.