Alama ya Akala Gazetini

Miaka ya hamsini nilikuwa mkalimani wa mahakama kule Kericho. Mchuma chai mmoja alishtakiwa kuvunja stoo ya shamba, na ushahidi wote ulikuwa alama ya akala, viatu vya tairi, kwenye tope, iliyofanana na ya zake. Gazeti lilichapa picha ya alama hiyo na kueleza kwamba kati ya watu mia wasio na hatia, mmoja tu huvaa akala za namna ile, kwa hiyo uwezekano wa mshtakiwa kuwa hana hatia ni mmoja katika mia.

Nilimsomea mshtakiwa habari hiyo kwa Kipsigis kabla ya kesi, nikamwambia, "Ndugu yangu, umekwisha."

Akaniuliza, "Karani, shamba letu lina wanaume wangapi?"

"Elfu mbili."

"Basi wasio na hatia wenye akala kama zangu ni kama ishirini, na mwizi ni mmoja. Wengine wako wapi?"

Niliona aibu, halafu nikakasirika. Gazeti lilihesabu wangapi kati ya wasio na hatia wana akala hizo. Sisi tulitaka kujua wangapi kati ya wenye akala hizo hawana hatia, na jibu lilikuwa karibu wote!

Mahakamani nilitafsiri hoja yake kwa sauti kubwa kuliko kazi yangu ilivyotaka. Hakimu akapiga hesabu kwenye karatasi, akauliza kama kuna ushahidi mwingine. Haukuwepo. Akamwachilia.

Jioni, mlangoni kwangu, niligeuza akala zangu za shambani nizitazame. Mistari ilikuwa ile ile ya gazetini.